Uzio wa tofali: kusimamisha, kulaza, nguzo za tofali au nguzo za zege?

Ukuta wa nyumba na ukuta wa uzio hujengwa kwa tofali lile lile na fundi yule yule, ila kazi zake hazifanani hata kidogo. Ukuta wa chumba umeshikwa pembeni na kuta nyingine, juu kuna mkanda na paa, na hauendi mita tano bila kukutana na kona. Uzio umeshikwa chini peke yake. Unasimama mita 2, unakwenda mita 30 bila kona, na upepo unaupiga upande mmoja huku ukiuvuta kwa upande wa pili. Ndiyo maana baada ya upepo mkali nyumba hubaki nzima na uzio wake ukakutwa umelala barabarani, tena mara nyingi kwa vipande virefu vilivyolala kama vilivyojengwa, tofali juu ya tofali.

Hapa tunalinganisha njia nne zinazotumika zaidi Tanzania kwa tofali la saruji la inchi 6, yaani la sentimita 45 kwa 23 kwa 15. Baada ya hapo tunaingia kwenye mianya ya kuachia ukuta usogee, ile ambayo mafundi wengi huiita ekspansheni, kwa sababu mianya ikikosewa hata nguzo nzuri hazisaidii.

Upepo unasukuma kiasi gani

Hesabu ni fupi. Nguvu ya upepo kwa mita ya mraba, katika nyutoni, ni 0.613 × V², ambapo V ni kasi kwa mita kwa sekunde. Kwa ukuta uliosimama peke yake unazidisha na 1.2, kwa kuwa kuna kusukumwa mbele na kuvutwa nyuma kwa pamoja. Kasi ya mita 30 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 108 kwa saa, inatoa kama kilo 67 kwa kila mita ya mraba. Kipande cha uzio chenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2 kinapokea zaidi ya kilo 400, zote zikisukuma kwa mlalo.

Kasi hiyo ya 108 ndiyo tunayoichukua hapa kama kipimo cha kubuni. Si lazima kingoje kimbunga kama Hidaya, kilichokaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024. Wingu la radi likishusha mvua hata huku bara, hutanguliwa na mpigo wa upepo wa dakika chache, na ukuta hauhitaji zaidi ya sekunde chache.

Kuna sehemu za ukuta zinazopigwa zaidi ya nyingine. Ile 1.2 ni ya katikati ya ukuta mrefu. Kwenye ncha iliyo wazi, kwa mfano pale uzio unapokatikia getini, upepo unazunguka ukingo na mvutano wa nyuma unaongezeka. Kanuni za Ulaya za upepo, EN 1991-1-4, zinatoa 3.4 kwa sehemu ya mwisho kabisa (sentimita 60 kwa ukuta wa mita 2) na 2.1 kwa mita chache zinazofuata, pale ambapo ukuta ni mrefu na hauna kona. Ukipiga wastani wa mita 3 za mwisho unapata karibu mara mbili ya katikati. Kwa hiyo ukiona uzio ulioanguka kuanzia getini, usiharakishe kumlaumu aliyegonga na gari.

Kinachoushikilia ukuta usio na nguzo

Chukua mita moja ya uzio wa tofali la kusimamisha, unene sentimita 15, kimo mita 2. Uzito wake ni kama kilo 600. Upepo ukitaka kuuangusha, lazima uuzungushe juu ya ukingo wake wa chini, na uzito unapinga kwa mkono wa sentimita 7.5 tu, nusu ya unene. Upepo wenyewe unasukuma kwa mkono wa mita nzima, katikati ya kimo. Ukilinganisha pande mbili, uzito unashindwa upepo ukifika kilomita 62 kwa saa.

Basi mbona kuta nyingi za namna hii bado zimesimama? Kwa sababu udongo wa saruji kati ya kozi na kozi umegandisha tofali na tofali, na mgando huo unabeba sehemu iliyobaki. Lakini huo ni mgando wa kuvutwa, kitu ambacho saruji inakiweza kidogo sana, na unapungua kadiri miaka inavyokwenda: chumvi ya ardhini inakula kozi ya kwanza, ukuta unapata ufa wa mlalo, mtu anagonga na toroli. Karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu iliyotandikwa chini ya kozi ya kwanza ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa maana inaondoa mgando wote siku ile ile ya kujenga. Kwenye nyumba karatasi hiyo ni sahihi. Kwenye uzio usio na nguzo za zege inageuka kuwa bawaba.

Kwa hiyo, tunapolinganisha, tunahesabu uzito peke yake bila mgando. Kasi zilizo hapa chini ni zile ambazo ukuta wa mita 2, katikati ya urefu wake, unafika ukingoni mwa kuanguka.

| Aina ya uzio | Kasi ya kufika ukingoni |
|---|---|
| Tofali la inchi 5 la kusimamisha, bila nguzo | 52 km/saa |
| Tofali la inchi 6 la kusimamisha, bila nguzo | 62 km/saa |
| Tofali la inchi 6 la kulaza (unene sm 23), bila nguzo | 95 km/saa |
| La kusimamisha, nguzo za tofali upande mmoja kila mita 3 | 75 au 111 km/saa, kutegemea upepo unatoka wapi |
| La kusimamisha, nguzo za zege kila mita 3, msingi wa sm 40 | 108 km/saa |
| La kusimamisha, nguzo za zege kila mita 3, msingi wa sm 60 | 145 km/saa |

Hizi ni kasi za kuanguka, si za kujivunia. Ukitaka akiba ya moja na nusu kwenye nguvu, gawanya kila kasi kwa 1.22. Nguzo za zege na msingi wa sentimita 60 zinabaki na 118, juu ya kipimo chetu. Msingi wa sentimita 40 unashuka hadi 88. Hesabu ya msingi inachukulia udongo mgumu. Kwenye udongo uliolowa namba zinapungua zaidi.

Kusimamisha au kulaza

Kulaza kunamaanisha tofali lile lile linalala kwenye ubapa wake, ukuta unakuwa na unene wa sentimita 23. Kasi ya kuanguka inapanda sawasawa na unene, kwa hiyo unapata mara moja na nusu. Gharama yake iko kwenye idadi: kusimamisha kunakula kama matofali 9 kwa mita ya mraba, kulaza kama 13. Kwa uzio wa mita 30 kwa 2 ni tofauti ya matofali 540 na 780, ukiongeza na udongo wa saruji.

Matofali hayo 240 ya ziada yanatosha kukupeleka hadi 95 kwa saa katikati ya ukuta, lakini getini bado uko chini sana. Kwa maoni yetu kulaza bila nguzo kunafaa kwa uzio mfupi, tuseme mita 1.2 hadi 1.5, au pale ambapo ukuta unapinda kila mita chache. Kimo kina maana kubwa hapa, maana nguvu ya kuangusha inakua kwa mraba wa kimo ilhali uzito unakua kwa kimo tu. Ukuta wa kusimamisha unaoanguka kwa 62 ukiwa na mita 2, unaanguka kwa 56 ukiuongezea kozi mbili hadi karibu mita 2.5. Ndiyo hatari ya kuongeza kozi juu ya uzio wa zamani kwa sababu jirani ameinua wake.

Anayetaka kimo cha mita 2 kwa gharama ndogo ajenge mita 1.2 za tofali na sentimita 80 za grili ya chuma juu. Sehemu ya tofali peke yake inapokea takriban theluthi moja ya nguvu ya kuangusha ukilinganisha na ukuta mzima, na grili huachia upepo mwingi upite. Faragha unaikosa, hilo ni kweli.

Nguzo za tofali: upande gani?

Nguzo ya tofali ni unene wa ziada unaojengwa pamoja na ukuta, kwa mfano upana wa sentimita 45 ukitokeza sentimita 15, tofali zikifungana na za ukuta kozi kwa kozi. Watu wengi huiweka ndani ya kiwanja ili nje ukuta uwe laini na mpaka usivukwe.

Sasa angalia upepo unaotoka nje kuelekea ndani. Ukuta unataka kuangukia ndani, unazunguka juu ya kisigino cha nguzo, na uzito wa mita 3 za ukuta unapinga kwa mkono wa sentimita 22.5. Hapo inahitaji 111 kwa saa. Upepo ukigeuka ukatoka ndani kwenda nje, ukuta unazunguka juu ya uso wake wa nje, mkono unarudi kuwa sentimita 7.5, na nguzo inachangia uzito wake mdogo tu. Hapo 75 inatosha. Nguzo za ndani zinaulinda ukuta usiangukie bustani yako na kuuacha uangukie barabara.

Ukilazimika kutumia nguzo za tofali, zitokeze pande zote mbili, au acha tundu katikati ya nguzo, pitisha nondo mbili za milimita 12 kutoka kwenye zege la msingi, kisha jaza zege kozi baada ya kozi. Hilo la pili linakaribia nguzo ya zege kwa nguvu, na halihitaji mbao za fomu. Wanaojaza tundu hilo kwa udongo wa saruji uliobaki jioni wanapata nguzo yenye nondo iliyolegea ndani yake.

Nguzo za zege na umbali wake

Kwa nguzo za zege kazi imegawanyika mara mbili. Kipande cha ukuta kinabeba upepo kwa mlalo kutoka nguzo hadi nguzo, na nguzo inaupeleka chini kwenye msingi.

Kipande kinachoka haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mkazo ndani yake unakua kwa mraba wa umbali. Kwa upepo wa kubuni, tofali zuri la inchi 6 lina akiba ya karibu mara mbili na nusu nguzo zikiwa kila mita 3. Kwa mita 4 akiba inashuka hadi 1.4. Kwa mita 5 imekwisha. Na hapo tumesema tofali zuri. Yale ya mfuko mmoja wa saruji kutoa matofali 50 hayamo kwenye hesabu hii. Kwa hiyo mita 3 ni umbali wa busara kwa inchi 6, na kwa inchi 5 uende mita 2.5 ili ubaki na akiba ile ile. Kipande cha kwanza kutoka getini kiwe mita 1.5 hadi 2, bila kujali unene.

Nguzo yenyewe haina fumbo. Sentimita 23 kwa 23, nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 6 au 8 kila sentimita 15, zege la 1:2:4 lenye kokoto ndogo. Nondo moja ya mita 12 inakatwa vipande vinne vya mita 3: mita 2 juu ya ardhi, sentimita 55 ndani ya msingi, na zinazobaki zinapindwa kuwa mguu chini na kuingia kwenye mkanda juu. Nguzo ya namna hii inabeba zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika. Nguzo za sentimita 15 kwa 15, ambazo watu huzipenda kwa sababu hazitokezi, zinaweza kutosha kwenye karatasi, lakini nondo nne na ringi zikishaingia humo kokoto haipiti, zege linabaki na matundu, na nondo inagusa fomu. Huko pwani, kwenye hewa ya chumvi, nondo hiyo itapasua zege kwa kutu baada ya miaka michache.

Kinachoangusha uzio wenye nguzo za zege si nguzo, ni mambo mawili mengine. La kwanza ni nguzo iliyoanzia juu ya msingi badala ya ndani yake: fundi anamwaga zege la mfereji, kesho yake anasimamisha nondo juu yake bila mguu. Nguzo hiyo inang'oka nzima, na ukienda kuangalia unakuta nondo zimetoka safi kama zilivyoingia. La pili ni upana wa msingi. Tazama tena jedwali: nguzo zile zile, tofali zile zile, kutoka sentimita 40 hadi 60 za zege chini unapata kilomita 37 zaidi. Udongo unaorudishiwa juu ya sentimita hizo za ziada nao unakuwa uzito wa kuushikilia ukuta, ndiyo maana lazima ushindiliwe kwa tabaka, usimwagwe tu.

Kwenye mpaka kuna tatizo la ziada, kwamba huwezi kutoa msingi kwenda kwa jirani. Ukuta ukikaa ukingoni mwa msingi, upande mmoja unabaki dhaifu kwa sababu ile ile ya nguzo za ndani. Ama mkubaliane na jirani ukuta ukae katikati ya mpaka, ama uingize ukuta ndani sentimita 18 au 20 ili msingi wote ubaki kwako. Kupoteza sentimita hizo kunawauma watu, lakini njia ya tatu ni kuongeza upana wa msingi ndani hadi karibu mita moja kwenye kila nguzo, na hiyo ni gharama.

Mkanda wa juu tunaupenda kidogo kuliko wengine. Unafunga vichwa vya vipande na kuzuia kozi ya mwisho isibanduke, ila hauzuii ukuta kupinduka, kwa sababu unapinduka pamoja nao. Fedha ikitosha kimoja, panua msingi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, mkanda wa chini wenye nondo ndio unaofaa zaidi.

Uzio wa nguzo za kiwandani zenye mfereji pembeni, ambamo vibao vya zege vinateremshwa, uko kwenye kundi hili hili. Kina cha shimo na zege la kuzungushia nguzo ndivyo vinavyoamua, na kila mfereji tayari ni mwanya.

Mianya: ipo, haipo, au ipo vibaya

Tofali la saruji linaponyauka linapungua, kama nusu milimita kwa kila mita, hasa likijengwa bichi. Kwa mita 30 hizo ni milimita 15. Jua nalo linautanua na kuufinya ukuta huo huo: tofauti ya nyuzi 20 ni kama milimita 6 kwa mita 30. Msingi ulio chini ya ardhi hausogei hivyo, kwa hiyo ukuta unavutana nao na kupasuka kwa wima, mara nyingi katikati ya kipande au ubavuni mwa nguzo.

Watu huuchukulia ufa huo kama aibu ya lipu tu. Tulisema kipande kinabeba upepo kwa mlalo kutoka nguzo hadi nguzo. Ufa wa wima unaokata kutoka juu hadi chini umekikata kibebeo hicho. Kila nusu sasa ina ncha isiyoshikwa, na unarudi kwenye ukuta usio na nguzo, mahali pale pale palipokuwa na nguzo. Hii ndiyo sababu uzio unaoanguka mwaka wa 8 haukuanguka mwaka wa kwanza kwa upepo wa kiasi hicho hicho.

Kwa tofali la saruji weka mwanya wa milimita 10 kila mita 6, na wa kwanza kutoka kwenye kona usizidi mita 3. Tofali la kuchoma ni tabia tofauti, linavimba badala ya kunyauka, hivyo mianya yake inaweza kwenda hadi mita 10 au 12 lakini iwe mipana zaidi, milimita 15 kwenda juu.

Mwanya unaokatwa katikati ya kipande ni mbaya kuliko kutokuwa na mwanya, kwa sababu ni ufa uliolipiwa. Lazima uwe kwenye nguzo, na hapo kuna namna mbili.

Namna ya kwanza ni nguzo mbili zilizotenganishwa kwa kibao cha povu cha milimita 10, kila moja ikishika upande wake. Haina ujanja, fundi yeyote ataiweza, na ukaguzi ni wa macho. Inakula nguzo ya ziada kwa kila mwanya.

Namna ya pili ni nguzo moja. Upande wa kushoto ukuta unaingia kwenye nguzo kwa meno, upande wa kulia unaachwa milimita 10 na kushikwa kwa vipande vya chuma laini cha milimita 8, urefu sentimita 40, kila baada ya kozi mbili. Nusu ya chuma inamwagiwa ndani ya nguzo. Nusu ya pili inapakwa grisi, inavishwa bomba jembamba la plastiki na kulala kwenye udongo wa saruji wa ukuta. Chuma kinauzuia ukuta kwenda mbele na nyuma, lakini kinauacha uteleze kuelekea na kutoka kwenye nguzo. Inaharibika kwa njia moja tu, nayo ni ya kawaida: fundi anaona bomba ni usumbufu, analitupa, na chuma kinashikana pande zote. Utaujua baada ya mwaka, ufa unatokea sentimita 20 kutoka kwenye nguzo, pale chuma kinapoishia.

Kwa namna zote mbili, mwanya upite kwenye lipu, kwenye kofia ya juu na kwenye mkanda wa juu. Mkanda wa zege uliomwagwa mita 30 bila kukatwa unaifuta mianya yote iliyo chini yake. Zege la msingi ndilo linaloachwa bila kukatwa. Ziba uso wa mwanya kwa silikoni ya nje au nyenzo nyingine inayonyumbuka, kamwe si kwa udongo wa saruji.

Mfano: kiwanja cha 20 kwa 30

Tuchukue upande wa mita 30, kimo mita 2, kona zikiwa ncha zote mbili, udongo wa kawaida. Nguzo kila mita 3 zinakuwa 11 pamoja na za kona. Mianya inakaa kwenye mita ya 3, 9, 15, 21 na 27, ili kutoka kona hadi mwanya wa kwanza iwe mita 3 na kati ya mianya iwe mita 6.

Kwa nguzo mbili mbili kwenye mianya, jumla ni nguzo 16. Kila nguzo ina kama 0.14 ya mita ya ujazo ya zege ukihesabu na sehemu ya chini, kwa hiyo ni zege la mita za ujazo 2.2 na nondo 16 za mita 12. Kwa nguzo moja moja ni 11, zege mita za ujazo 1.5 na nondo 11, ukiongeza vipande 20 hivi vya chuma laini. Tofauti ni nondo tano na chini ya mita moja ya ujazo ya zege. Mwenye nyumba anayeishi mbali na kutuma fedha kwa simu achukue nguzo mbili mbili, kwa sababu picha moja inamwonyesha kama zipo. Aliyepo kazini kila siku, na anayeweza kuona bomba likivishwa, abaki na nguzo moja.

Msingi ni mfereji wa sentimita 60 kwa upana na kina cha 60: zege la sentimita 15 chini, kisha kozi tatu za kulaza hadi usawa wa ardhi. Nondo za nguzo zisimamishwe na kupigwa timazi kabla zege la mfereji halijamwagwa. Ukuta upande kozi tano kwa siku, kama mita 1.2, halafu usubiri. Kipande kibichi cha mita 2 ambacho nguzo zake bado hazijamwagwa hakina kinachokishika, na kuta nyingi zinaanguka katika wiki hiyo, kabla hata ya lipu. Acha meno ya sentimita 5 pande za nguzo, funga fomu kwenye meno hayo, mwaga nguzo kwa awamu mbili na uchome kwa nondo ili zege lishuke.

Upande wa geti, mita 20, nguzo za geti zisitegemee ukuta. Zipewe msingi wake wa mraba wa mita moja, maana geti linapofungwa kwa nguvu linaitikisa nguzo kila siku, na ukuta uliounganishwa nayo unapata ufa wa kwanza hapo. Weka mwanya kati ya nguzo ya geti na nguzo ya kwanza ya uzio.

Kama udongo wa upande mmoja uko juu kuliko mwingine kwa zaidi ya sentimita 40, hesabu zote hizi hazitoshi. Hapo una ukuta wa kuzuia udongo, na unahitaji mhandisi aupime.

Uzio uliokwisha kujengwa

Pima kwa timazi kutoka juu. Kilele cha ukuta wa sentimita 15 kikiwa nje kwa sentimita 5, kitovu cha uzito kimehama sentimita 2.5, na theluthi ya uwezo wa uzito imekwenda. Ukuta wa kilomita 62 sasa ni wa 51. Kisha tafuta ufa wa mlalo kwenye kozi ya kwanza pande zote mbili. Ukionekana pande zote, mgando umekwisha na ukuta umekaa kwa uzito tu.

Kwa ukuta ambao bado umenyooka, dawa ya haraka ni kushusha kozi mbili au tatu za juu: kutoka mita 2 hadi 1.4 kasi ya kuanguka inapanda kutoka 62 hadi 74. Dawa ya kudumu ni kuongeza nguzo za zege ndani ya kiwanja kila mita 3, kila moja na msingi wake, zikifungwa kwa ukuta kwa nondo za milimita 10 zinazotoboa tofali na kupindwa upande wa nje, angalau sehemu nne kwa kimo. Ukuta wenye ufa wa wima upate nguzo juu ya ufa wenyewe, si kando yake. Na ule uliopinda zaidi ya sentimita 5 tunashauri ubomolewe kwa mkono, kozi kwa kozi kutoka juu, siku isiyo na upepo, njia ya wapita kwa miguu ikiwa imefungwa.